Mashine imeandikwa 22, gari linapokea 3: mwongozo kamili wa kuielewa chaja iliyo ndani ya gari lako la umeme

Kwa nini kituo cha kilowati 22 kinalipa gari langu kilowati 3 tu? Swali hili nimeulizwa mara nyingi hadi nimeona heri niliandikie hatua kwa hatua. Mtu ananunua gari la umeme lililotumika Japani, anafika kwenye kituo kilichoandikwa kilowati 22, anachomeka, anaenda kunywa chai. Akirudi baada ya saa nzima, betri imepanda asilimia nane tu. Anaamini kituo kibovu, au gari bovu, au ameuziwa betri iliyokufa. Mara nyingi hakuna kilichoharibika hata kimoja.

Wengine hukosea kwa njia ya gharama zaidi. Wananunua kisanduku cha ukutani cha kilowati 22, wanalipa fundi, wanaomba waletewe umeme wa fezi tatu, halafu gari linaendelea kupokea kilowati 3 zilezile lilizokuwa likipokea mwanzo.

Gari nitakalotumia kama mfano ni Nissan Leaf ya mwaka 2018, ile ya kilowati-saa 40 iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Hatua zenyewe ni zilezile kwa gari lolote la umeme. Zitakazobadilika ni namba.

## Vitu vya kuwa navyo

- Gari lenyewe, na kitabu chake au karatasi ya mauzo yenye maelezo kamili ya toleo.
- Kebo ya kuchaji iliyokuja na gari. Tafuta lebo kwenye kile kisanduku kilicho katikati ya waya.
- Mita ya umeme ya nyumbani inayosomeka, iwe ya tokeni au ya LUKU.
- Saa, kalamu na karatasi.
- Simu yenye programu ya LeafSpy na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la OBD, lile ambalo mafundi hulitumia kusoma kompyuta ya gari, kama gari ni Leaf. Si lazima, ila vitakuonyesha afya ya betri kwa usahihi kuliko dashibodi.
- Fundi umeme aliyesajiliwa, kwa Hatua ya 3 pekee. Hapo usijaribu mwenyewe.

## Kwanza, chaja iko wapi?

Kila kitakachofuata kinategemea jibu la swali hili, kwa hiyo usiliruke.

Umeme wa nyumbani ni mkondo geu, ule ulioandikwa AC kwenye vifaa. Unabadili mwelekeo huku na huko mara 50 kwa sekunde. Betri ya gari haiwezi kuupokea hivyo. Betri hujazwa kwa mkondo mnyoofu tu, DC, unaokwenda upande mmoja. Kwa hiyo lazima pawe na kifaa cha kuugeuza, na kifaa hicho ndicho chaja.

Ukichaji kwa AC, chaja imo ndani ya gari. Kile kisanduku cha ukutani ambacho watu wote hukiita chaja hakichaji kitu. Ni swichi yenye akili: kinahakikisha ethi ipo, kinaliambia gari ampea ngapi zinaruhusiwa, kisha kinafungua njia. Mazungumzo hayo hupita kwenye waya mmoja mwembamba ndani ya kebo. Kisanduku hutuma mapigo 1,000 kwa sekunde, na upana wa kila pigo ndio ujumbe. Pigo likikaa kiasi cha asilimia 27 ya muda wake, maana yake ni ampea 16. Likikaa asilimia 53, ni ampea 32. Gari likishausoma ujumbe, linaamua lenyewe litachukua kiasi gani bila kuvuka kikomo hicho.

Ujumbe ule ni ruhusa tu. Kisanduku hakisukumi umeme kuingia garini. Kikiruhusu ampea 32 na chaja ya ndani ikawa inaweza 15, gari litachukua 15.

Ukichaji kwa DC, mambo yanageuka. Chaja ni lile kabati kubwa la kituoni. Linachukua umeme wa fezi tatu, linaugeuza humohumo, kisha linaupeleka moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye chaja ya ndani. Kompyuta ya betri ndiyo inayoagiza: nipe ampea mia, sasa nipunguzie hadi themanini, sasa acha. Kabati linatii.

Utauliza kwa nini watengenezaji hawaweki chaja kubwa ndani ya gari, tukaachana na haya yote. Sababu ni joto, uzito na bei. Chaja ya ndani hupoteza takribani asilimia 10 ya umeme kama joto. Kwa kilowati 3 hiyo ni wati 300, sawa na pasi ndogo iliyoachwa imewaka, na ndiyo maana Leaf ikiwa inachaji utasikia pampu ya maji ikivuma taratibu chini ya boneti. Chaja ya kilowati 50 ingehitaji kupoza kilowati 5 za joto, na ungetembea na mzigo wake kila siku hata unapokwenda sokoni. Kabati la kituoni lina uzito wa mamia ya kilo kwa sababu hiyohiyo.

## Hatua ya 1: Soma tundu la gari lako

Fungua kifuniko cha kuchajia na uhesabu pini. Leaf ina matundu mawili puani. Dogo ni la AC, aina iitwayo Taipu 1, lenye pini tano: mbili nene za umeme, moja ya ethi, na mbili nyembamba za mawasiliano. Kubwa ni la DC, liitwalo CHAdeMO.

Zile pini mbili nene tayari zimekupa jibu zito. Umeme wa fezi tatu unahitaji nyaya tatu za moto na moja ya nyutro. Taipu 1 haina nafasi yake. Kwa hiyo gari lenye tundu hili litatumia fezi moja tu maisha yake yote, hata ukiliegesha kwenye kituo cha namna gani.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, na mengi yanayouzwa mapya kwetu, yana Taipu 2 yenye pini saba, mara nyingi pamoja na pini mbili kubwa za DC chini yake. Hiyo ndiyo CCS2. Kuwapo kwa pini zote saba hakuthibitishi kwamba chaja ya ndani ni ya fezi tatu; yapo magari yenye tundu kamili na chaja ya fezi moja nyuma yake. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T, ambayo haiingiliani na hizi nyingine.

Tahadhari. Adapta ya kutoka Taipu 2 kwenda Taipu 1 hubadilisha umbo la plagi tu. Hakuna adapta ya mkononi itakayofanya kituo cha AC kiwe cha DC, na yeyote anayekuuzia kwa ahadi hiyo usimpe pesa yako.

Umefaulu ukiweza kuandika mstari mmoja kama huu: "AC ni Taipu 1, fezi moja. DC ni CHAdeMO."

## Hatua ya 2: Tafuta uwezo wa chaja ya ndani

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanatazama ukubwa wa betri. Kilowati-saa 40 ni ukubwa wa tangi. Wewe unatafuta upana wa mdomo wake, na huo hupimwa kwa kilowati.

Leaf ya 2018 iliuzwa Japani ikiwa na chaja ya ndani ya kilowati 3, na ya kilowati 6 ikawa ya kuongezewa kwa malipo. Zile za Uingereza nyingi zina kilowati 6.6. Kwa macho, Leaf za Japani za kilowati 3 na za kilowati 6 hazina tofauti. Anayenunua kwa kutazama picha za mnada hawezi kuijua, na wauzaji wachache sana huitaja.

Kwa hiyo anza na kitabu cha gari au orodha ya vifaa vya toleo hilo. Kama huna, muulize muuzaji kwa maneno haya hasa: "Chaja ya ndani ya AC ni kilowati ngapi?" Ukiuliza "gari linachaji kwa kasi gani?" atakujibu kwa namba ya DC, kwa kuwa ndiyo inayopendeza masikioni.

Kama hakuna anayejua, usikisie. Hatua ya 4 na ya 5 zitakupa jibu kwa kupima.

## Hatua ya 3: Kagua soketi na kebo ya nyumbani

Hesabu unayoihitaji ni hii moja tu:

```
kilowati = volti x ampea / 1000
```

Soketi ya kawaida ya pini tatu bapa, tunayoitumia Kenya, Tanzania na Uganda, imeandikwa ampea 13. Namba hiyo ni nzuri kwa birika linalochemka dakika nne. Gari huvuta umeme mfululizo saa nane au kumi, na joto la kwenye pini halipati nafasi ya kupoa. Ndiyo maana kebo nzuri za soketi hii hujiwekea kikomo cha ampea 10. Kwa volti 240 hizo ni kilowati 2.4.

Sasa angalia kebo iliyokuja na gari kutoka Japani. Mara nyingi imeandikwa volti 200 na ampea 15, na plagi yake si ya kwetu. Watu huikata plagi hiyo na kufunga ya pini tatu, au huichomeka kupitia adapta ya dukani. Nimeshika mikononi soketi iliyoyeyuka kwa njia hiyo. Ndani ilikuwa nyeusi na ile plagi haikutoka tena. Ampea 15 kwa saa nane kwenye soketi ya 13 ni moto unaosubiri saa yake. Tafuta kebo iliyoandikwa volti 230 au 240, ya ampea 10, yenye plagi yake ya kiwandani.

Mpe fundi kazi hizi, na usimame naye:

Soketi ya gari iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha swichi, usiopita kwenye friji wala pasi. Iwepo breka inayokata umeme unapovuja, ile iliyoandikwa RCD. Ethi ipimwe kwa kifaa chake, kwa sababu nyumba nyingi zina waya wa ethi ulioishia hewani. Ekstensheni isitumike kabisa, na ile ya kukunja kwenye gurudumu ndiyo mbaya kuliko zote, maana waya uliokunjwa unajipasha moto wenyewe.

Umefaulu ikiwa baada ya saa moja ya kuchaji unaweza kuweka kiganja kwenye plagi na kukiacha hapo. Vuguvugu ni sawa. Ukilazimika kuuondoa mkono, zima swichi kwanza, kisha mwite fundi.

## Hatua ya 4: Pima kwa mita ya nyumbani

Kipimo hiki hakihitaji kifaa cha kununua. Fanya mchana, betri ikiwa kati ya asilimia 20 na 70, ili gari lisiwe limeanza kujipunguzia lenyewe.

Zima vitu vyote vikubwa: friji, hita ya maji, pasi, pampu. Andika yuniti zilizobaki kwenye mita. Chomeka gari, subiri saa moja kamili, andika tena. Tofauti ya yuniti ndiyo kilowati unazovuta, kwa sababu yuniti moja ni kilowati-saa moja.

Ukiona yuniti 2.3 hadi 2.4, kebo yako ya ampea 10 inafanya kazi yake yote. Hapo bado hujajua uwezo wa chaja ya ndani. Umejua tu kwamba kebo ndiyo inayokubana.

Ukiona 2.0 au chini yake, usikimbilie kulilaumu gari. Chaja ya ndani inafuata kikomo cha ampea, na volti ikishuka, kilowati nazo hushuka. Majira ya jioni, mwisho wa laini ya umeme, volti inaweza kushuka hadi 200. Ampea 10 zilezile zinakuwa kilowati 2. Rudia kipimo usiku wa manane na utaona tofauti.

Gari halianzi kuchaji kabisa? Kwa Leaf iliyotoka Japani, shuku kipima saa kwanza. Mwenye gari wa awali huenda aliliwekea lichaji usiku tu, kwa saa za Japani, na menyu yote ni ya Kijapani kwa hiyo hujui. Zima kipima saa hicho kisha ujaribu tena. Cha pili ni ile betri ndogo ya volti 12. Ikichoka, vifaa vya kuongoza uchaji havina nguvu ya kuamka, hata kama betri kubwa ni nzima.

## Hatua ya 5: Nenda kituo cha AC na usome kilowati

Hapa ndipo uwezo wa chaja ya ndani unapojitokeza, kwa sababu kituo kinaruhusu zaidi ya kile gari linachoweza.

Kituo kilichoandikwa kilowati 22 kimepata namba hiyo hivi: fezi tatu, kila moja volti 230, kila moja ampea 32. Zidisha, utapata 22. Gari la fezi moja linachukua theluthi tu ya hiyo, yaani kilowati 7.4 kwa upeo. Kisha chaja ya ndani inakata tena. Kama ni ya kilowati 3, safari imeishia hapo.

Shemeji yangu wa Mombasa alinipigia akiwa mbele ya kituo cha namna hiyo.

"Shem, mashine imeandikwa ishirini na mbili, mbona naona tatu?"

Nikamwambia, "Hesabu pini za tundu lako."

"Mbili nene, moja ya kati, mbili ndogo."

"Basi ondoa fezi mbili. Imebaki saba. Sasa niambie chaja yako ya ndani ni ngapi."

Hakujua. Lakini mashine ilikuwa imeshamjibu: 3.1 kwenye skrini, haipandi wala haishuki. Kile kituo kilikuwa kizima kabisa.

Beba kebo yako ya Taipu 1 kwenda Taipu 2, maana vituo vingi vya AC vina tundu tu. Angalia na ampea zilizoandikwa kwenye kebo. Ndani ya plagi yake mna kipingamizi kidogo kinachoutaja uwezo wa kebo, na kituo hukisoma. Kebo ya ampea 20 kwenye kituo cha 32 itapewa 20.

Soma skrini baada ya dakika tano, si mara tu ukichomeka. Umefaulu ukiona namba iliyotulia. Karibu na 3, chaja yako ni ya kilowati 3. Kati ya 6 na 6.6, una ile kubwa. Iandike kwa wino ndani ya kifuniko cha kitabu cha gari, kwa sababu maamuzi yote ya ununuzi yatarudi kwayo.

## Hatua ya 6: Chaji kwa DC, na ujue kikomo kimehamia wapi

Kwenye DC chaja ya ndani inakaa kando. Ndiyo maana Leaf ya shemeji, yenye kilowati 3 tu za AC, inaweza kupokea zaidi ya 40 kwenye DC.

Kabla hujatoka nyumbani, hakikisha kituo kina plagi ya CHAdeMO. Vituo vingi vipya huku kwetu ni vya CCS2, na plagi hizo haziingiliani. Zipo adapta za kielektroniki za kutoka CCS2 kwenda CHAdeMO, zenye kompyuta ndani kwa sababu lugha za mawasiliano ni tofauti, lakini hazikubaliwi na kila kituo. Usiitegemee kwa safari ndefu kabla hujaijaribu karibu na nyumbani.

Fika na betri iko chini, asilimia 15 hadi 30. Chomeka hadi usikie plagi imejifunga, anzisha kwenye skrini, subiri. Sekunde za kwanza kabati linapima kama kuna umeme unaovuja kati ya nyaya na bodi ya gari. Likiridhika utasikia mlio mzito, "tak", ndani ya gari. Hizo ni swichi kubwa za betri zikifunga njia.

Sasa soma volti na ampea. Leaf ya kilowati-saa 40 hupokea hadi ampea 125 na betri yake iko karibu na volti 350 hadi 370. Zidisha, utapata kilowati 44 hadi 46. Hata kabati likiwa la 100, hutaona zaidi ya hapo.

Namba hiyo haitadumu. Ndani ya betri mna seli 192, zilizopangwa kama jozi 96 mfululizo, na hakuna seli inayoruhusiwa kuvuka takribani volti 4.2. Kadiri zinavyokaribia hapo, kompyuta ya betri inapunguza ampea ili isiumie. Kilowati huanza kushuka hata kabla ya asilimia 80, na kuanzia hapo utaziona zikiporomoka; asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda karibu sawa na 60 zilizotangulia. Chomoa kwenye 80 na umwachie nafasi anayesubiri nyuma yako. Kama unahitaji kujaa kabisa, maliza nyumbani kwa AC, kwani kwa kilowati 3 betri haioni shida hiyo hadi dakika za mwisho kabisa.

Tahadhari ya joto, hasa kwa watu wa pwani. Betri ya Leaf haina maji wala feni ya kuipoza. Inapoa kwa kupigwa na upepo tu. Ukiendesha kwa kasi barabara kuu kwenye jua, ukachaji DC, ukaondoka tena kwa kasi na kuchaji DC mara ya pili, gari litajipunguzia lenyewe, na zile kilowati 45 zitakuwa 25 au chini yake. Wengi husema kituo cha pili ni kibovu. Tazama kipimo cha joto la betri kwenye dashibodi kabla hujalalamika. Kikiwa karibu na eneo jekundu, dawa ni kuegesha kivulini saa kadhaa, na safari nyingine kuendesha taratibu kati ya vituo.

## Hatua ya 7: Tumia AC na DC kutambua kilichoharibika

Kwa kuwa njia hizi mbili zinapita mahali tofauti, moja inaweza kuishuhudia nyingine.

Gari likikataa AC nyumbani na kwenye vituo viwili tofauti, lakini likakubali DC bila shida, betri yako ni nzima. Shuku kipima saa, kisha kebo, na mwisho chaja ya ndani yenyewe au fyuzi yake. Usikubali mtu akuuzie betri kwa dalili hiyo.

Likikubali AC vizuri na kukataa DC, jaribu kabati jingine kwanza. Makabati hushindwa kuelewana na magari mara nyingi kuliko magari yanavyoharibika.

Likikataa zote mbili, rudi kwenye betri ndogo ya volti 12. Ni ya bei nafuu kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na ndiyo husahaulika.

Tahadhari. Nyaya za rangi ya machungwa chini ya boneti zina volti za kuua, hata gari likiwa limezimwa. Chaja ya ndani ina vihifadhi umeme vinavyobaki na chaji baada ya kuchomoa. Mekanika wa magari ya petroli asiifungue bila mafunzo.

## Hatua ya 8: Piga hesabu, kisha ndipo ununue

Turudi kwa shemeji. LeafSpy ilionyesha afya ya betri yake ni asilimia 82. Betri mpya ya aina hiyo hutumika kama kilowati-saa 39, kwa hiyo yake imebakiwa na 32. Kila jioni hufika nyumbani ikiwa asilimia 20, naye anataka kuondoka asubuhi na 80. Pengo ni asilimia 60 za 32, yaani kilowati-saa 19.

Kwa soketi ya kawaida anavuta kilowati 2.4, na baada ya upotevu zinafika betrini kama 2.1. Kumi na tisa gawanya kwa 2.1 ni saa tisa. Akichomeka saa tatu usiku, saa kumi na mbili asubuhi yuko tayari.

Kwa kisanduku cha ukutani, chaja yake ya ndani inavuta kilowati 3 na betri inapata kama 2.7. Hizo ni saa saba. Ameokoa saa mbili akiwa usingizini.

Kama gari lake lingekuwa na chaja ya kilowati 6, betri ingepata 5.4, na kazi ingeisha kwa saa tatu na nusu. Hapo kisanduku cha ampea 32 kingekuwa na maana.

Kwa DC, kilowati zikianza 44 na kushuka njiani, ni kama dakika 35.

Alikuwa ameshapewa bei ya kisanduku cha kilowati 22 pamoja na kazi ya kuvuta fezi tatu kutoka kwenye nguzo. Kisanduku hicho kingempa saa saba zilezile za kile cha ampea 16, kwa sababu vyote viwili vinaishia kwenye mlango wa kilowati 3. Nilimshauri abaki na soketi yake, atengeneze waya wa peke yake na ethi, abadilishe ile kebo ya Japani. Alifanya hivyo kwa sehemu ndogo ya bei aliyotajiwa. Nilimwomba fundi avute waya wa shaba wa milimita 6 za mraba badala ya mwembamba, kwa kuwa gari lijalo huenda likawa na chaja ya ndani ya kilowati 7, na kuchimba ukuta mara ya pili ni gharama kuliko waya wenyewe.

Wewe kama gari lako lina chaja ya ndani ya kilowati 11 ya fezi tatu, hesabu yako ni nyingine. Kilowati 11 ni ampea 16 kwenye kila fezi. Ukiwa na fezi moja tu nyumbani, magari mengi ya namna hiyo yatapokea ampea 16 za fezi hiyo moja, yaani 3.7, ingawa yapo yanayoruhusu hadi 32 na kufika 7.4. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: "Kwa fezi moja, chaja ya ndani inachukua ampea ngapi?" Usilipie fezi tatu kabla hujapata jibu lake kwa maandishi.